Picha 14 za ripoti ya wasahihishaji, na jibu lililosema x = 2

Jumamosi, saa tatu usiku

Picha zimefika. Ziko 14, zimetumwa kwa Watsapu na mwalimu mwenzangu aliyekuwa kwenye jopo la kusahihisha Kemia ya vitendo, moko ya Kidato cha Nne. Ripoti ya jopo ilikuwa nakala moja tu, tena fotokopi, na yeye aliipiga picha juu ya meza kabla haijarudi kwenye bahasha. Kwa hiyo kivuli cha mkono wake kipo karibu kila ukurasa, na kurasa tatu zimelala upande.

Mwalimu wa taaluma anataka karatasi moja, mbele na nyuma, ya kuwapa Kidato cha Nne wetu: watahiniwa walikosea wapi, na wao wafanye nini. Mtihani uko kwa Kiingereza na ripoti pia. Nimemwambia karatasi nitaiandika kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayekosea hesabu kwa sababu hakuielewa lugha ya swali hatasaidiwa na onyo la lugha hiyohiyo. Fomula zinabaki kama zilivyo.

Nimeanza kwa kuzipanga. Watsapu imezipa picha majina yake yenyewe na mfuatano umevurugika, kwa hiyo nimefuata namba zilizochapwa chini ya kurasa. Kurasa ni 11. Tatu zimepigwa mara mbili. Ukurasa wa 6 umekatwa chini na una doa jeupe la mwanga wa taa katikati. Huo ndio ukurasa wenye sampuli ya jibu baya la swali la kwanza. Nimemwomba kaka huyo aliyezipiga anitumie upya, safari hii kama faili badala ya picha, maana picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na herufi ndogo huwa ukungu. Hajajibu. Atakuwa njiani kurudi kwao.

Jumapili mchana

Nimejaribu kuyatoa maandishi kwenye picha kwa kompyuta ya ofisi, nisichape upya kurasa 11 kwa vidole viwili. Amri mbili kwa kila ukurasa: ya kwanza inanyoosha picha na kuondoa rangi, ya pili inasoma maandishi.

```
magick p05.jpg -colorspace Gray -deskew 40% -normalize p05.png
tesseract p05.png p05 -l eng
```

Aya za maelezo zimetoka vizuri. Kemia ndiyo imeharibika. Ile 2 ndogo ya chini kwenye Na2CO3 imesomwa kama herufi z, nikapata NazCO3 ukurasa mzima. Hiyo si hatari, inaonekana hata ukiwa na usingizi. Hatari ni nukta za desimali. Fotokopi ilizififisha, picha ikazimaliza, na programu ikaniandikia 2500 mahali pa 25.00 na 120 mahali pa 1.20.

Hapa kuna kichekesho kidogo. Moja ya lawama za wasahihishaji ni kwamba watahiniwa hawaandiki usomaji wa bureti kwa desimali mbili. Na mimi ushahidi nilio nao ni picha zisizo na nukta. Ningeweza kumtwisha mtahiniwa kosa ambalo ni la mashine ya fotokopi.

Nilichofanya ni hesabu ya kutoa. Kila safu ya jedwali la taitresheni ina usomaji wa mwisho, usomaji wa mwanzo na ujazo uliotumika, na wa tatu lazima uwe tofauti ya ile miwili. Kama mwisho ni 2630 na mwanzo 120, ujazo ukiwa 2510, basi nukta ziko mahali pamoja katika zote tatu: 26.30, 1.20, 25.10. Mtahiniwa aliandika desimali mbili. Pale alipoandika 25 tupu, tarakimu ziko mbili tu na hakuna nukta ya kupotea. Jedwali lote nimelipitia hivyo kwa kalamu.

Jumapili usiku

Michoro. Ripoti hii imeandikwa kwa mtindo wa zile taarifa za uchambuzi wa majibu zinazotolewa na NECTA: alama 0 hadi 29 kwa mia ni ufaulu hafifu, 30 hadi 64 wastani, 65 hadi 100 mzuri, na kila kundi lina rangi yake, nyekundu, njano na kijani. Kwenye fotokopi, njano inakuwa kijivu chepesi, sawa. Lakini nyekundu na kijani zote zinakuwa kijivu kizito, na kwa jicho la picha ya simu hazitofautiani. Mtu ukikisia vibaya, umegeuza waliofanya vizuri kuwa walioanguka.

Nimeachana na mchoro, nikasoma aya iliyo chini yake, inayorudia yaleyale kwa maneno. Swali la kwanza, taitresheni, wengi wako kundi la wastani.

Nikaanza kuandika kwenye rasimu kwamba "zaidi ya nusu walikosea uwiano wa moli", kisha nikafuta. Ripoti haisemi hivyo. Asilimia zake ni za watahiniwa waliopata alama kati ya hapa na pale kwenye swali zima. Si za watahiniwa waliofanya kosa fulani. Mtu anaweza kuwa wa wastani kwa kupata jedwali lote na kukosa hesabu yote, na mwingine akawa wa wastani kwa kinyume chake. Kuhusu makosa yenyewe ripoti inatumia maneno tu: baadhi, wachache, wengi. Nimeamua maneno hayo yabaki hivyohivyo kwenye karatasi yetu. Mwalimu wa taaluma anapenda namba, najua ataniuliza.

Jumatatu, baada ya vipindi

Kaka amejibu. Yuko nyumbani, ripoti imebaki kwenye kituo, lakini anadhani ana picha nyingine ya ukurasa wa 6 ambayo hakuituma kwa sababu ilitoka na ukungu. Ataitafuta.

Nikaendelea na nilichonacho. Swali lilikuwa hivi. Myeyusho P ni HCl ya 0.1 M. Myeyusho Q una gramu 14.3 za fuwele za Na2CO3.xH2O katika desimita moja ya ujazo. Unapima 25 cm³ za Q kwa pipeti, unaweka methili oranji, unadondosha P kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya njano igeuke ya machungwa. Mwisho unatafuta x, yaani maji yaliyofungwa ndani ya fuwele.

Kabla ya kufupisha makosa nimefanya swali mwenyewe kwa jedwali la sampuli nzuri, lililo ukurasa wa 5. Sishauri mtu afupishe ripoti ya hesabu ambayo hajaifanya. Jedwali ni hili: jaribio la kukadiria, lile la haraka la kuona rangi inageukia wapi, 25.80, kisha 25.00, 24.90 na 25.10. Wastani wa yale matatu ni 25.00 cm³. Moli za HCl ni 0.0025. Mlinganyo unasema moli mbili za asidi kwa moja ya kaboneti, kwa hiyo moli za kaboneti ndani ya 25 cm³ ni 0.00125, na ukolezi wa Q ni 0.05 M. Gramu 14.3 ukigawa kwa 0.05 unapata 286 kwa moli. Ondoa 106 za kaboneti kavu, inabaki 180, gawa kwa 18 za maji: x = 10. Ndiyo magadi ya kufulia.

Kisha nikapitisha kila kosa la ripoti kwenye hesabu hii nione linafika wapi. Kosa la kwanza kutajwa, ambalo ripoti inasema ni la "wengi", ni kuingiza jaribio la kukadiria kwenye wastani. Ukifanya hivyo wastani unakuwa 25.20 badala ya 25.00. Nilidhani litaharibu jibu. Halikuharibu: ukolezi unakuwa 0.0504, uzito wa moli kama 283.7, x inatoka 9.87, na mtahiniwa anakadiria 10. Jibu la mwisho ni sahihi! Alama ya wastani imepotea na yeye anatoka chumba cha mtihani akijua amepata yote. Mwakani atamfundisha mdogo wake vilevile.

Hili kosa haliponywi kwa kumwambia mtu akague jibu lake, maana jibu halimshtaki. Linaponywa kwenye jedwali. Nimeandika: "Ukimaliza jaribio la kukadiria, pigia mstari mzito chini yake kabla hujaanza la kwanza. Kilicho juu ya mstari hakiingii kwenye wastani." Nasema mstari kwa sababu nimeona kwenye maabara yetu wenyewe, jedwali likiwa na safu nne zinazofanana, mkono unajumlisha zote nne bila kufikiri.

Jumatatu usiku

Sampuli mbaya, ukurasa wa 6. Juu linaonekana jedwali, ambalo ni zuri tu, wastani 25.00. Katikati ni doa la mwanga. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mtahiniwa, x = 2. Pembeni maelezo ya msahihishaji: mtahiniwa alishindwa kutumia uwiano sahihi wa moli.

Nikaandika kwenye rasimu: "Walichukua uwiano 1:1 kwa sababu hawakusawazisha mlinganyo. Sawazisha mlinganyo kwanza." Nikapiga hesabu kuhakikisha. Kwa 1:1 moli za kaboneti ni 0.0025, ukolezi 0.1 M, uzito wa moli 143. Toa 106, inabaki 37, gawa kwa 18: 2.06. x = 2. Imekubali. Nikafunga daftari nikaenda kula.

Mezani ndipo iliponijia kwamba kuna njia ya pili ya kukosea uwiano: kuugeuza. Nikarudi. Mtahiniwa akiweka moli moja ya asidi kwa mbili za kaboneti, ukolezi wa Q unakuwa 0.2 M. Gramu 14.3 kwa 0.2 ni 71.5. Sasa 71.5 ukitoa 106 unapata hasi 34.5, na ukigawa kwa 18 unapata hasi 1.92. Hakuna fuwele yenye maji hasi, mtahiniwa anajua hilo, kwa hiyo anafuta alama ya hasi, anakadiria, na anaandika x = 2.

Njia mbili tofauti, jibu moja. Na maneno ya msahihishaji, "alishindwa kutumia uwiano sahihi", yanafaa zote mbili.

Hapa ndipo kazi iliposimama, maana ushauri haufanani. Wa kwanza hakusawazisha mlinganyo. Wa pili alisawazisha vizuri kabisa, namba 2 anayo, ila ameiweka mahali pasipo pake. Ukimwambia huyu wa pili "sawazisha mlinganyo", atajibu moyoni kwamba alisawazisha, na ataendelea kukosea. Kilichoko chini ya lile doa la mwanga ndicho kitakachoamua.

Jumanne

Hakuna picha. Nimeandika makosa madogo.

Desimali za bureti: bureti yetu ya 50 cm³ ina mistari ya 0.1, jicho linaweza kukisia nusu ya mstari, kwa hiyo desimali mbili zina maana, ya pili ikiwa 0 au 5. Ukiandika 25 msahihishaji hajui kama uliona 25.00 au 25.40. Sentensi moja inatosha.

Usomaji wa kinyume: ripoti inataja majedwali ambayo usomaji wa mwisho ni mdogo kuliko wa mwanzo. Bureti sifuri yake iko juu, na asidi ikishuka namba inapanda. Aliyezoea silinda ya kupimia anasoma kutoka chini kwenda juu. Jopo limeita hilo "kukosa umahiri wa vitendo", jambo ambalo halimsaidii mtu. Nimeandika: "Kabla ya kuanza, toa matone machache, angalia namba. Imepanda? Basi unasoma vizuri."

Kisha kuna lawama ya majedwali yenye 25.00, 25.00, 25.00. Jopo linaona ni ya kupikwa. Inawezekana. Lakini msahihishaji haoni maabara, anaona karatasi tu, na mwenye mkono mtulivu anaweza kupata namba tatu zilezile. Nimeliacha nje. Siwezi kumshauri mwanafunzi aandike namba tofauti kidogo ili aonekane mkweli. Huo ndio upishi wenyewe.

Kiashiria nimekipa nafasi zaidi kidogo. Baadhi waliulizwa kiashiria kingine kinachofaa badala ya methili oranji, wakajibu fenolftalini. Ripoti inasema si sahihi na kupita. Ukweli ni kwamba fenolftalini inafanya kazi, ila inakusimamisha katikati ya safari. Inapoteza rangi yake ya waridi wakati kaboneti imegeuka kuwa baikaboneti, NaHCO3, kabla asidi haijaimaliza. Kwa swali letu ungesimama kwenye 12.50 cm³, nusu kamili ya 25.00. Mwanafunzi anayekumbuka fenolftalini na HCl dhidi ya NaOH hana sababu ya kushuku, maana kule inafaa. Kwa hiyo kwenye karatasi nimeandika sababu, mistari miwili, si katazo tupu.

Jumatano, saa nne asubuhi

Picha imekuja, na ujumbe: "Samahani mwalimu, ilikuwa imejificha kwenye simu ya mke wangu." Ina ukungu kweli, ila haina doa. Mwandiko wa mtahiniwa kompyuta haisomi kabisa. Nimeukuza kwenye kioo na kuunakili herufi kwa herufi.

Ni yule wa pili. Mlinganyo wake umesawazishwa bila kosa:

```
Na2CO3 + 2HCl -> 2NaCl + CO2 + H2O
```

Chini yake fomula ambayo sote tunawafundisha, A ikiwa asidi na B kaboneti, M ukolezi, V ujazo na n idadi ya moli kwenye mlinganyo:

```
(M_A × V_A) / (M_B × V_B) = n_A / n_B
```

Na chini ya hapo ameandika n_A = 1, n_B = 2. Kisha 0.2 M, kisha 71.5, kisha 18x = 34.5 bila hasi, kisha x = 2.

Nimeuangalia huo mlinganyo muda mrefu. Amesoma kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu yeyote. Fomula inaanza na A, mlinganyo unaanza na kaboneti. Akachukua namba ya kwanza akampa herufi ya kwanza. Hakukosa Kemia, alikosa mpangilio. Tena mpangilio huo ni wetu sisi walimu: ubaoni naandika kaboneti kwanza kila mwaka, na fomula naanza na asidi kila mwaka.

Ushauri sasa umepata mwili: "Andika asidi kwanza upande wa kushoto wa mlinganyo. 2HCl + Na2CO3. Kisha chini ya HCl andika A, chini ya Na2CO3 andika B. Ndipo usome n_A na n_B." Kemia haijali nani anatangulia kuandikwa, kwa hiyo hakuna alama inayopotea.

Lile la 1:1 pia nimeliacha kwenye karatasi, maana aya ya ripoti inataja walioandika mlinganyo usiosawazishwa, ingawa sampuli yake haipo. Makosa mawili, vichwa viwili, na nimeonyesha kwamba yote yanaishia x = 2.

Jumatano jioni

Nimewapa rasimu wanafunzi sita waliobaki maabara kusafisha vyombo. Sikuwaambia ni ya nini. Walisoma, wakaitikia kwa vichwa, jambo ambalo halimaanishi kitu. Nikawapa hesabu.

Mmoja alisimama kwenye mstari niliouona mzuri kuliko yote, usemao "kuwa makini na alama ya hasi". Akauliza, "Sasa Sir, hasi ikitoka nifanye nini? Niiache?" Sikuwa nimeandika la kufanya. Nilikuwa nimefanya kama jopo: nimetaja kosa, nikalivika neno la kuonya, nikaita ushauri.

Nimeufuta. Mahali pake pameingia namba 106. Kaboneti kavu peke yake, bila tone la maji, ni 23 mara mbili, na 12, na 16 mara tatu: 106. Fuwele yenye maji haiwezi kuwa nyepesi kuliko hiyo. Kwa hiyo: "Ukipata uzito wa moli ulio chini ya 106, usiendelee kutafuta x. Rudi kwenye n_A na n_B, umezigeuza." Kwa njia hii mwanafunzi anashtuka kwenye 71.5, hatua moja kabla ya hasi kutokea, na anajua pa kurudi.

Kikomo cha kinga hii nimekiandika kwenye nakala ya walimu. Haimkamati mtu wa 1:1, kwa kuwa 143 iko juu ya 106 na x yake ni 2.06, namba inayoonekana safi. Mkemia angeshuku, maana fuwele za kaboneti hii tunazozijua kwa kawaida zina maji 1, 7 au 10. Kidato cha Nne hatudai wajue hilo, na swali lingine linaweza kuwa na chumvi nyingine kabisa. Kwa mtu wa 1:1 kinga pekee ni kuhesabu atomi pande zote mbili: sodiamu mbili kushoto, kwa hiyo NaCl mbili kulia, kwa hiyo klorini mbili, kwa hiyo HCl mbili. Nimeiandika kwa mfuatano huohuo.

Alhamisi

Mwalimu wa taaluma ameisoma. Kama nilivyotarajia: "Asilimia ziko wapi?" Nimemwonyesha aya ya ripoti na neno "baadhi". Akataka niweke angalau asilimia za ufaulu wa swali juu ya karatasi. Nimekataa kwa upole. Mwanafunzi akiona asilimia juu ya orodha ya makosa, atasoma kuwa ni asilimia ya waliofanya makosa hayo. Tumekubaliana zikae kwenye nakala ya walimu, na maelezo ya zinachopima.

Amenisahihisha jambo moja na nimelikubali. Nilikuwa nimepanga makosa kwa uzito, kubwa kwanza. Akasema mwanafunzi hatembei kwenye swali kwa uzito, anatembea kwa mfuatano: bureti, jedwali, wastani, mlinganyo, ukolezi, x. Nimepanga upya. Karatasi sasa inaweza kulazwa pembeni ya swali na kufuatwa kwa kidole.

Neno lililonisumbua ni "ukolezi". Wanafunzi wanalisikia kwangu tu. Mitaani wanasema juisi imekolea, kwa hiyo nimefafanua hivyo mara moja na kuendelea. Mengine, bureti, pipeti, moli, hayana shida.

Ijumaa

Nakala 46 zimetoka. Wino uliisha kwenye ya 40, sita za mwisho zimefifia. Nukta za desimali kwenye mfano wa jedwali nimezikoleza kwa kalamu, moja moja. Nisingevumilia kuwapa 2500.

Kipindi cha mwisho tulifanya taitresheni ileile kwa gramu tofauti za fuwele. Nilipokuwa napita kati ya meza nilimwona msichana mmoja ameandika 106 kwenye kona ya karatasi yake kabla hajagusa pipeti, akaizungushia duara. Meza ya pili yake, kijana mmoja alipata uzito wa moli wa 69, akaangalia kona ya jirani, akafuta mistari mitatu ya juu. Mwingine alijumlisha safu zote nne za jedwali, pamoja na ile iliyo juu ya mstari mzito alioupiga yeye mwenyewe. Nikamuuliza mstari ni wa nini. "Umesema tupige, Sir." Kwa hiyo ile sentensi ya pili, ya kilicho juu ya mstari, inapanda kwenda mwanzo wa aya, na toleo la pili litachapwa Jumatatu.

Swali la pili, uchambuzi wa chumvi, liko picha ya 9 hadi ya 14. Picha ya 11 ina kidole juu ya matokeo ya jaribio la mwali wa moto. Nimeshaomba nyingine.